Kanzu nyeupe iliyotoka ya maziwa: dhana potofu kuhusu kung'arisha picha za bidhaa

Muuza kanzu mmoja wa Kariakoo alipigiwa simu na mteja wa Mwanza: "Kaka, niliagiza ya maziwa, hii uliyonitumia ni nyeupe." Alipoifungua tena picha aliyomtumia, akaona mwenyewe: kanzu nyeupe, chini ya balbu ya dukani, ilikuwa na umanjano ikafanana kabisa na ya maziwa.

Dhana: picha ikiwa mbaya, ongeza mwanga

Ndivyo alivyofanya. Akaingia Snapseed, programu ya kuhariri picha kwenye simu, akafungua Tune Image, akapandisha Brightness hadi +60. Kanzu iling'aa, lakini umanjano ulibaki, na tarizi ya shingoni, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, ikatoweka.

Ukweli: mwanga ni kitu kimoja, rangi ni kingine. Balbu ya manjano ina bluu kidogo, na kuongeza mwanga hakurekebishi uwiano wa rangi. Tena kiasi cha kila rangi kwenye picha huandikwa kwa namba kutoka 0 hadi 255, na haiwezi kuzidi hapo. Uzi na kitambaa vikifika hapo vyote, havitofautiani tena, na ukishaihifadhi picha hivyo, kuipunguzia mwanga hakuirudishi tarizi.

"Mjomba, anza na rangi, mwanga uje baadaye," mpwa wake alimwambia. Wakaweka karatasi nyeupe kando ya kanzu, chini ya taa ileile, wakapiga picha upya. Kwenye White Balance, sehemu ya kusawazisha rangi, wakagusa alama ya kidondoshi, wakaburuta duara lililojitokeza mpaka juu ya karatasi, na umanjano ukaondoka pote kwa pamoja. Ndipo wakaongeza Brightness +15 tu, wakaikuza picha shingoni kuhakikisha tarizi inaonekana, kisha wakaikata karatasi kwa Crop.

Dhana: kitu cheupe kitatoka cheupe chenyewe

Kamera hukadiria kwamba kilicho mbele yake kina mwanga wa wastani. Kanzu nyeupe ikijaza kioo, simu huipunguzia mwanga, ikatoka ya kijivu. Dawa yake ni kabla ya kupiga: gusa kanzu kwenye kioo, kisha sogeza alama ya jua juu kidogo.

Dhana: taa zikiwa nyingi, picha hutoka nzuri zaidi

Alijaribu mlangoni huku balbu ikiwaka. Bega la upande wa nje likawa na ubluu, la ndani manjano. White Balance hurekebisha picha nzima kwa kipimo kimoja, kwa hiyo akitengeneza bega moja, la pili linaharibika. Alizima balbu, akabaki na mwanga wa kivulini mlangoni.

Dhana: kioo cha simu hakidanganyi

Jioni alikuwa amewasha Night Light, inayokipa kioo umanjano. Akaipoza picha, yaani akaiongezea ubluu, mpaka ikamridhisha, kumbe kwenye simu ya mpwa wake kanzu ilikuwa ya bluu. Aliizima Night Light, akarudia, kisha akazitundika nyeupe na ya maziwa pamoja na kuzipiga kwenye picha moja. Hiyo ndiyo aliyomtumia mteja wa Mwanza achague upya.