Jedwali si mnemoniki

Nimesikia tena, mara ya sijui ngapi, mtu akiwaambia wanafunzi, "Hizi hapa mnemoniki za vitenzi vya Kiingereza," kisha akawapa jedwali la safu tatu: *go, went, gone*, *take, took, taken*, na kadhalika hadi mwisho wa ukurasa. Wakaanza kuliimba.

Mnemoniki ni kitu unachokijua tayari, unachokitumia kuvutia kumbukumbu ya kitu usichokijua vizuri. Basi. Neno lenyewe linatoka kwa Wagiriki, kwenye *mneme*, yaani kumbukumbu. Katika hadithi zao kumbukumbu alikuwa mungu wa kike, Mnemosini, mama wa wale mabinti tisa wa sanaa. Waingereza huimeza ile *m* ya mwanzo kwa sababu hawaiwezi. Sisi tunaosema "mno" na "mnada" tangu utotoni hatuna haja ya kuwaiga.

Kuimba jedwali, basi, ni kukariri. Hakuna kitu cha zamani kinachovuta kipya, ndiyo maana mtoto anayeimba *drink, drank, drunk* bila kosa bado huandika *I have drank*. Maneno matatu anayo, ila hajui lipi likae wapi.

Sasa chukua neno "kiatu" na usome irabu zake: i, a, u. Ya kwanza ni ya umbo la msingi, ya pili ni ya wakati uliopita, ya tatu ni ya umbo linalokuja baada ya *have*. Ukifika kwenye *I have dr_nk*, ile *have* inakupeleka mwisho wa kiatu, kwenye u: *drunk*. Pasipo *have*, kwa jambo la jana, unasimama katikati: *drank*. Hapo ndipo neno mnemoniki linapostahili, maana kiatu hukijui kwa Kiingereza wala hukukikariri. Unacho tu.

Lakini kiatu kinakupa irabu, hakikuambii ni vitenzi gani vinakivaa. Kwa hilo kuna kihadithi: kiatu kilianza kunywa maji, kikaimba, kikalia kama kengele, kikachupa mtoni, kikaogelea, kikazama, kikanuka, kikasinyaa. Ni *begin, drink, sing, ring, spring, swim, sink, stink, shrink*. Tisa, kama wale mabinti, ingawa hiyo ni sadfa tu. (Wamarekani wengi husema *shrunk* na *sprung* hata kwa jambo la jana, kwa hiyo usimsahihishe kila mtu.)

Kinachoniudhi zaidi ni wale wanaosema vina ndivyo kanuni: kwamba kinachoishia *-ing* au *-ink* kitafuata *sing*. Jaribu *sting*. Hakuna *stang*. Ni *stung* jana na *stung* baada ya *have*. Vivyo hivyo *cling* na *swing*. Hawa si watu wa kiatu, ni wa "kidudu": i, u, u. Na kidudu kinauma, ndiyo *sting* yenyewe, kisha kinang'ang'ania na kubembea.

Tofauti hii ina asili yake. Kiingereza cha Kale kilikuwa na irabu mbili kwa wakati uliopita: mmoja akiimba ilikuwa *sang*, wengi wakiimba ilikuwa *sungon*. Baadaye umoja na wingi vikaacha kutofautishwa hapo, na kila kitenzi kikabaki na irabu moja. *Sing* ikabaki na a ya umoja. *Swing*, iliyokuwa na *swang* na *swungon* kwa mtindo uleule, ikabaki na u. Hakuna sauti ndani ya neno inayokuambia nani alichukua ipi, kwa hiyo kina hakiwezi kukusaidia.

*Bring* na *think* hazimo kabisa katika ugomvi huu. Tangu enzi hizo zilijenga wakati uliopita kwa kuongeza t, si kwa kubadili irabu peke yake, na ndipo tulipopata *brought* na *thought*. Anayesema *brang* amedanganywa na *rang*. Hakuna kiatu wala kidudu hapo. Utazijua kwa ile t ya mwisho, na kwamba umbo la pili na la tatu ni kitu kimoja.

Jedwali lile la safu tatu si baya, na mwalimu akitaka alibandike ukutani. Liitwe jedwali tu.