Je, wajua? Stili ngumu kuliko zote inaweza kukatika mapema

"Wakuu, sampuli yetu iliyozimwa kwenye oili bila kutempa, yaani bila kupashwa moto tena kwa kiasi, ndo ina hadnesi kubwa kuliko zote, sasa kwenye tensaili mbona imepitwa na ile iliyotempwa 205°C? Kwenye majadiliano ya ripoti tuandikeje?"

Hizo mashine mbili zinauliza vitu tofauti kabisa. Ya hadnesi inakandamiza, na ukikandamiza hata kama kuna kaufa kadogo kanabanwa tu, lakini ya tensaili inavuta na hapo ufa ndo unafunguka. Martensaiti, ile hali ngumu ya stili inayotokea ikizimwa haraka, kama haijatempwa imebana kaboni ndani, ina stresi zilizobaki tangu izimwe, halafu haijui kunyumbuka, kwahiyo stresi ikijikusanya kwenye alama ya kisu cha lethi au kwenye ufa wa kuzimwa, kipande kinakatika ghafla wakati grafu bado iko kwenye mstari ulionyooka. Namba mliyosoma ni ya kile kipande na kasoro yake, sio nguvu ya stili yenyewe. Vuta kingine cha aina hiyohiyo uone, kitatoa namba nyingine kabisa.

Angalieni sura ya mkatiko. Kama ni bapa, haina shingo, ndo hiyo, na mkiona sehemu imeingiwa na weusi wa oili basi ufa ulikuwepo kabla hata hamjaanza kuvuta.

Zilizotempwa zinafuata hesabu vizuri sana. Chukua stili ya 4140, namba za vitabuni: ikitempwa 205°C inapata hadnesi ya 510 HB na nguvu ya kuvutwa ya 1770 MPa, ikitempwa 540°C inashuka mpaka 285 HB na 950 MPa. Sasa zidisha HB kwa 3.45 kukadiria MPa, ya kwanza inatoa 1760, ya pili 983, yaani mmekaribia kabisa, na kurefuka kumepanda toka asilimia 8 mpaka 18 kwa sababu kaboni imetoka ikawa kabaidi na chuma kimepata nafasi ya kunyumbuka. Kwahiyo andikeni hivi: hadnesi inatabiri nguvu ya kuvutwa pale tu sampuli inapoweza kunyumbuka kwanza kabla ya kukatika, isiyotempwa haimo humo. Msiifute kwenye jedwali lakini, ibaki na maelezo yake, maana ndo matokeo yenye cha kusema kuliko mengine yote.

Ila hapo kwenye sampuli iliyotempwa 315°C muwe makini jamani. Hadnesi na tensaili zote zinashuka taratibu kama kawaida, mtu anashawishika kuandika kwamba ndo joto zuri la katikati, kumbe zikitempwa kati ya 230 na 370 hivi stili za aina hii zinakuwa dhaifu kwa kupigwa kwa ghafla, na hakuna hata kipimo kimoja kati ya hivyo viwili mlivyofanya kinachoonyesha hilo. Linaonekana kwenye kipimo cha Charpy, kile cha kupiga sampuli kwa nyundo. Kama hamkuipima, semeni wazi kwamba data yenu haitoshi kuchagua 315 kwa shafti au boliti inayopata vishindo.