Sauti ya chapa imejificha kwenye viambishi

Kampuni moja iliniletea machapisho yake 40 na swali moja. Wateja wanasema "siku hizi hamzungumzi nasi kama zamani", je, ni kweli? Nilianza na urefu wa sentensi. Machapisho 20 ya mwanzo yalikuwa na wastani wa maneno 11 kwa sentensi, na 20 ya mwisho vivyo hivyo.

Ningeishia hapo ningewapotosha. Sentensi tano zenye maneno 3, 4, 5, 4 na 19 zina wastani wa 7, na sentensi tano zenye maneno 7 kila moja zina wastani huohuo, ingawa ukizisoma kwa sauti hazifanani hata kidogo. Kwa hiyo huwa naorodhesha urefu wa kila sentensi kwa mfuatano wake. Machapisho ya zamani yalipanda na kushuka: fupi, fupi, kisha ndefu. Mapya yalikwenda mwendo mmoja tu, 10, 12, 11, 11.

Kisha msamiati. Hapa Kiswahili kina jambo lake: "utapata", "mtapata" na "atapata" kompyuta huyahesabu kuwa maneno matatu tofauti, ilhali kitenzi ni kimoja. Kinachobadilika ni nani anayesemeshwa, na kwangu hiyo ndiyo sauti yenyewe. Nikatafuta viambishi vya nafsi ya pili umoja:

```
grep -oiwE '(una|uta|ume)[a-z]+' machapisho.txt | sort | uniq -c
```

Orodha inayotoka lazima uipitie kwa macho. Itakuletea "umeme" na "utamaduni", na pia "umefika" ya "mzigo umefika", ambayo haimsemeshi mteja. Amri hii pia haioni vitenzi vya kukanusha kama "hutapata". Hivyo nilivitafuta peke yake. Baada ya kusafisha, picha ilikuwa wazi. Maandishi ya zamani yalisema "ukiagiza leo, utapata kesho". Mapya yalisema "mteja atakayeagiza leo atapata kesho". Mteja alikuwa ameondolewa kwenye mazungumzo na kuwa mtu anayesimuliwa.

Kabla ya kuwaambia hivyo niliyatoa matangazo matatu ya kuomba radhi. Kuomba radhi kuna lugha yake, nzito zaidi, na kukichanganywa na matangazo ya bidhaa huleta tofauti ambayo si kosa la mwandishi. Pia nililinganisha maneno 200 ya kwanza tu ya kila chapisho, kwa sababu kadiri andiko linavyorefuka ndivyo maneno yanavyojirudia, na uwiano wa maneno tofauti hushuka wenyewe. Tofauti ya viambishi ilibaki palepale.

Nilipowauliza, walisema kuanzia chapisho la 21 kazi ilihamia kwa mwandishi mwingine, aliyepewa orodha ya maneno ya kutumia na yasiyoruhusiwa. Maneno aliyafuata yote. Orodha haikumwambia amwite msomaji "wewe".