Grafu Imepaa Ghafla: Ni Wasomaji au Boti?

Tuseme tovuti ya habari ya Dar es Salaam hupata vipindi 400 kwa siku, yaani hutembelewa mara 400. Jumanne unafungua Google Analytics na kukuta 2,600. Unaangalia chanzo: karibu vyote vimeandikwa `(direct) / (none)`, yaani chanzo hakijulikani. Wengi huishia hapo na kusema ni boti, programu zinazofungua kurasa zenyewe. Mimi nasema subiri kwanza, kwa sababu kwetu habari husambaa kwa WhatsApp, na mtu anayebofya kiungo kwenye kundi la WhatsApp mara nyingi huhesabiwa humo humo kwenye `direct`.

Kwa hiyo fungua Explore, sehemu ya Google Analytics ya kujitengenezea ripoti, panga vipindi hivyo kwa `Hour`. Hakikisha kwanza kwamba saa za akaunti yako ni za Afrika Mashariki. Watu hulala. Habari iliyosambaa WhatsApp hupanda kwa kasi, huteremka taratibu, na saa nane usiku karibu hakuna anayeisoma. Katika mfano wetu, mstari umekaa palepale usiku kucha, vipindi mia na kitu kila saa, alfajiri sawa na adhuhuri. Hapo ndipo naanza kushuku.

Kisha naongeza `City` na `Screen resolution`. Wasomaji wa WhatsApp wangekuwa Dar, Mwanza, Nairobi, wengi kwenye simu za Android, wote wakitua kwenye habari moja. Hapa wengi wanatoka Ashburn, mji wa Virginia uliojaa vituo vya seva, wakitumia Chrome ya kompyuta yenye skrini ya `800x600`. Ni nadra leo kukuta mtu mwenye kompyuta ya ukubwa huo, lakini Chrome inayoendeshwa na programu bila dirisha imezoeleka kujitambulisha hivyo. `Engagement rate`, asilimia ya vipindi ambavyo msomaji alijishughulisha kweli, nayo imeporomoka: ili kukihesabu, Google huhitaji kipindi kizidi sekunde 10, au kiwe na kurasa mbili, au tukio muhimu, na hawa hufungua ukurasa mmoja na kutoweka.

Dalili moja haitoshi. Ashburn peke yake inaweza kuwa msomaji anayetumia VPN, na boti wajanja hupitia intaneti za majumbani, wakaonekana wako Kinondoni. Zikikutana tatu au nne kwenye vipindi vilevile, sina shaka tena.

Google huondoa yenyewe boti zinazojulikana. Hawa ni waliopenya, na wakishaandikwa huwezi kuwafuta. Kinachowezekana ni kutengeneza segimenti kwenye Explore inayoondoa vipindi vyenye Ashburn na `800x600` kwa pamoja. Tafadhali usiondoe Marekani nzima. Watanzania na Wakenya wa Texas na Minnesota wanasoma habari za nyumbani kila siku, na ukiwaondoa, mhariri ataamini kwamba hawapo.