Upatanisho wa kisarufi: kitenzi hakifuati neno jirani

Nimeisikia tena wiki iliyopita, safari hii kwa mtu aliyekuwa akiwanoa waandishi chipukizi: "Upatanisho ni kitenzi kufuata nomino inayokitangulia." Wote wakainama, wakaandika. Mmoja akatoa mfano, "Mtoto analia," akapongezwa, somo likaendelea. Mimi nikabaki palepale kwenye neno "inayokitangulia", kwa sababu ndilo linaloniletea mezani sentensi kama hii:

"Utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa katika wodi za watoto zinahitaji umakini."

Aliyeiandika hakukosea kwa mujibu wa fasili aliyofundishwa. Kabla ya kitenzi alikuwa na nomino kadhaa, akachukua kiambishi cha zile zilizokuwa bado zinamlia sikioni.

Fasili yenyewe haina urefu. Upatanisho wa kisarufi ni hali ya maneno ya sentensi kubeba viambishi vinavyotokana na ngeli ya nomino moja. Kwa kitenzi, nomino hiyo ni neno kuu la kiima. Kiima ndicho kinachozungumziwa, na neno kuu ni lile ambalo mengine yote ndani ya kiima yamekuja kulifafanua. Hapo juu, neno kuu ni "utunzaji". Kwa hiyo ni "unahitaji", hata kama kati yake na kitenzi kuna maneno tisa.

Jina la dhana hii limekwishasema jambo ambalo fasili ya haraka inalisahau. Mzizi ni "pata". Ukiongeza "-an-" unapata "patana", na kupatana ni kwa pande mbili zenye shauri moja: wenye ugomvi hupatana, muuzaji na mnunuzi hupatana bei. Mtu hapatani na mpita njia aliyesimama karibu tu. Kisha inakuja "-ish-", nayo inaleta mtu wa tatu: patanisha, yaani fanya wengine wapatane. Maneno hayapatani yenyewe. Yuko anayeyapatanisha, naye ni mwandishi, na kazi yake ya kwanza ni kujua nani ana shauri na nani. Ni neno lilelile linalosomwa katika Biblia ya Kiswahili, siku ya upatanisho, ambako pia pande zinazorudishwa pamoja zinajulikana. Nikiwa hapohapo, niwasihi wanaosema "upatanishi wa kisarufi" waache. Upatanishi ni kazi ya mpatanishi anayekaa kati ya wagombanao. Upatanisho ni ile hali inayopatikana, na ndiyo tunayoitafuta katika sentensi.

Sasa, kwa nini sentensi fupi haisumbui na ndefu inasumbua? Katika "Mtoto analia", neno kuu na neno jirani ni kitu kimoja, hivyo fasili mbovu na fasili nzuri zinatoa jibu sawa. Zinaachana pale tu kirai kinapoingia katikati. Mwaka 1991 watafiti wawili wa saikolojia ya lugha, Kathryn Bock na Carol Miller, walichapisha uchunguzi wao kuhusu jambo hili katika Kiingereza. Waliwapa watu mianzo ya sentensi wairudie na kuimalizia kwa mdomo. Makosa yalijitokeza hasa pale neno kuu lilipokuwa la umoja na nomino iliyoingia katikati ikawa ya wingi. Kinyume chake yalikuwa machache sana. Watu hao walikuwa wakizungumza lugha yao wenyewe. Hawakuwa wajinga wa sarufi. Wingi uliosikika karibuni uliwavuta.

Itazame tena sentensi yetu kwa jicho hilo. "Utunzaji" ni mmoja. Baada yake zinakuja kumbukumbu nyingi, wagonjwa wengi, wodi nyingi, watoto wengi, na kiunganishi "za" kinasikika mara mbili. Nomino ya mwisho kabisa ni "watoto", lakini mwandishi hakuandika "wanahitaji", maana akili yake ilijua kwamba haongelei mahitaji ya watoto. Alitua kwenye "zi-". Hiyo inaonyesha kwamba hata hiyo kanuni ya "inayokitangulia" hakuifuata kwa ukamilifu. Alifuata mwangwi.

Hapa ndipo inapoingia kauli inayonikera zaidi ya zote: "Huyu hajui ngeli." Mara nyingi anazijua vizuri. Kuna makosa mawili tofauti yanayovaa nguo moja, na dawa ya moja haiponyi jingine. Njia ya kuyatenganisha ni kukata kirai cha katikati na kuacha neno kuu na kitenzi peke yao. Ukikata na kubaki na "Utunzaji zinahitaji umakini", mwandishi mwenyewe atashtuka na kusahihisha kabla hujamaliza kumsomea. Tatizo lake lilikuwa umbali. Lakini ukimpa "Matatizo hayo imeongezeka", ambayo haina kirai chochote katikati, naye akaona iko sawa, basi huyo ndiye wa kurudishwa kwenye ngeli. Kumpa wa kwanza orodha ya ngeli akariri ni kumtibu asipougulia.

Mkato huo unafaa wakati wa kusahihisha. Wakati wa kuandika, Kiswahili chenyewe kinatoa msaada ambao naona haufundishwi vya kutosha, nao ni "-a" unganifu ya kwanza. Katika "ongezeko la bei za bidhaa", lile "la" halitoki kwa bei, linatoka kwa ongezeko. Katika "kitabu cha watoto", "cha" ni la kitabu. Maana yake ni kwamba mara tu unapoandika neno kuu na kiunganishi chake, umekwisha kulitangaza. Lililobaki ni kitenzi kuitikia tangazo hilo la kwanza badala ya la mwisho: "ongezeko la … limewaumiza", "chanzo cha … kimejulikana", "sababu za … zimetajwa", "kuchelewa kwa … kumeleta". Huo mfano wa mwisho wengi wanauogopa. "Kuchelewa kwa malipo ya vibarua imeleta malalamiko" inaandikwa kila uchao, ilhali "kwa" limesimama pale mwanzoni likiita "ku-".

Msaada huu una mipaka. "Wa" inaweza kuita "u-", "a-" au "wa-": uamuzi wa … umepingwa, mjumbe wa … amepinga, wajumbe wa … wamepinga. "Ya" inaweza kuita "i-" au "ya-": ripoti ya … imetoka, matokeo ya … yametoka. Na majina ya jamaa yana desturi yake, ndiyo maana tunasema "baba yangu amefika" bila mtu kulalamika. Lakini hata "wa" na "ya" zinapoacha nafasi ya kukisia, zinakupeleka nyuma kwenye neno kuu, na ukifika huko hukosi njia.

Wapo wanaosema kosa hili ni la wanasarufi tu, kwamba msomaji ataelewa. Wakati mwingine kweli ataelewa. Lakini kiambishi cha mwanzo wa kitenzi cha Kiswahili ni zaidi ya mwitikio. Ni kiwakilishi: "yamekataliwa" peke yake ni sentensi kamili, na "ya-" humo ndani inasema ni nini kilichokataliwa. Soma hii: "Ripoti kuhusu mapendekezo ya wajumbe wa kamati yamekataliwa." Je, yaliyokataliwa ni mapendekezo, au ripoti iliyoyaeleza ndiyo iliyorudishwa? Mwandishi alikusudia ripoti. Wasomaji walielewa mapendekezo, na hawakuwa na kosa, kwa sababu kiambishi kiliwaambia hivyo. Na sentensi iliyofuata ilianza "Itajadiliwa upya", wakabaki wakitafuta hiyo "i-" ni ya nani.

Kuna chanzo kimoja cha kuchanganyikiwa ambacho nakielewa, nacho ni kitenzi rejeshi. Chenyewe kina uhuru ambao kitenzi kikuu hakina. "Mkutano wa viongozi uliofanyika jana" na "mkutano wa viongozi waliochaguliwa jana" zote ni sahihi, kwa kuwa kirejeshi kinaweza kufafanua mkutano au viongozi, na kiambishi ndicho kinachomwonyesha msomaji ni kipi. Hapo mwandishi anachagua. Lakini akishamaliza kuchagua, kitenzi kikuu hakina chaguo: "Mkutano wa viongozi waliochaguliwa jana umeahirishwa." Nafikiri wengi wanaoandika "wameahirishwa" wamebeba uhuru wa kirejeshi wakauvusha hadi mahali usipofika. Sauti ya "walio-" bado ni mbichi, "wa-" inateleza yenyewe.

Na kuna neno ambalo kweli linakwenda kinyume, na wanaonipinga hulitumia: "baadhi". "Baadhi ya wanafunzi wamefaulu" ni sahihi, na "baadhi ya vitabu vimepotea" pia, ingawa neno la kwanza ni "baadhi". Sababu ni kwamba "baadhi" haina jambo lake yenyewe la kusemwa. Haifaulu wala haipotei. Inapima tu ni sehemu gani ya wanafunzi au vitabu inayozungumziwa. "Idadi" haiko hivyo, ingawa inakaa mahali palepale. Idadi inapanda, inashuka, inahesabiwa, inatangazwa. Kwa hiyo ni "idadi ya wanafunzi imeongezeka", na anayeandika "idadi ya wanafunzi wameongezeka" kwa kuigiza "baadhi" amefananisha maneno mawili yanayofanana nafasi tu. Ukiwa na shaka, kiulize kitenzi: nini kimeongezeka? Wanafunzi mmojammoja hawakuongezeka. Iliyoongezeka ni idadi.

Yule mkufunzi nilimfuata baada ya kipindi. Sikumwambia amekosea mbele ya watu, na kwa kweli mfano wake ulikuwa sahihi. Nilimwomba tu abadilishe neno moja ubaoni. Pale palipoandikwa "nomino inayokitangulia", aandike "nomino kuu ya kiima chake", na chini ya "Mtoto analia" aongeze "Mtoto wa majirani zetu waliohamia juzi analia". Aliisoma ya pili kwa sauti, akasita kidogo kwenye "waliohamia juzi", kisha akasema "analia" na kuchukua kifutio.