Kura na kipato: nani alimtangulia mwenzake?

"Nchi tajiri karibu zote ni za kidemokrasia. Si ushahidi tosha kwamba demokrasia ndiyo inaleta utajiri?"

Bado. Korea Kusini viwanda vilishika kasi miaka ya 1960 chini ya Jenerali Park Chung-hee. Uchaguzi huru wa rais ukaja 1987. Huenda hapo kipato ndicho kilichovuta kura. Tena historia ya nchi inaweza kuzaa vyote viwili, ndiyo maana watafiti huilinganisha nchi na yenyewe, kabla na baada, badala ya kuipambanisha Norwei na Chadi.

Hata hapo kuna mtego, na ndio unaonasa wengi. Mwaka 1998 uchumi wa Indonesia ulisinyaa kwa takriban asilimia 13, na Suharto, mtawala wake wa kiimla, aling'oka Mei mwaka huohuo. Ukianza kuhesabu hapo, demokrasia itasifiwa kwa uchumi uliokuwa unapanda tu kutoka shimoni.

Mwaka 2019 mwanauchumi Daron Acemoglu na wenzake walilinganisha nchi zilizogeukia demokrasia na zile zilizokuwa na mwenendo kama huo wa uchumi lakini hazikugeuka. Pato la kila mtu katika zilizogeuka lilizidi kwa takriban asilimia 20, ila baada ya miaka 25, muda ambao rais wa mihula miwili ameshastaafu zamani.