Kusitisha dawa zinazotumwa kwa posta bila kuishiwa: maswali na majibu kwa tunaoishi Marekani

Dawa za mama zinakuja zenyewe kila miezi mitatu, hatuagizi. Nikizima, cheti chake kinafutika?

Hapana, hivyo ni vitu viwili. Cheti ni amri ya daktari, na Auto Refill ni huduma ya famasia ya posta kukuandalia dawa za siku 90 kabla zile za nyumbani hazijaisha, kudai bima, kukata kadi yako na kutuma. Ukizima Auto Refill, cheti kinabaki na marudio yake yote. Ukibonyeza Cancel Prescription, umefuta cheti chenyewe. Watu wengi hubonyeza cha pili wakidhani ni cha kwanza, kisha wanagundua chupa ikiwa imebaki na vidonge vinne.

Tunataka kuhamia famasia ya karibu na nyumbani. Tufute kwanza au tuhame kwanza?

Zimeni Auto Refill kwanza, hameni, kisha mkishashika dawa mpya mkononi ndipo mfunge akaunti. Si kabla ya hapo.

Tuchukue metoprolol ya presha, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Chupa ya siku 90 ina vidonge 180. Mwaga vilivyobaki kwenye sahani uvihesabu, usikadirie kwa kutikisa chupa. Tuseme ni 40: hizo ni siku 20. Famasia nyingi za posta huanza kuandaa mzigo unaofuata wiki mbili hivi kabla dawa hazijaisha, kwa hiyo una siku chache tu za kuzima. Zima leo. Kama ukurasa unaonyesha Processing, kuzima peke yake huenda kusitoshe, piga simu uongee na mtu.

Siku hiyohiyo nenda famasia mpya na chupa yenyewe. Wao ndio wanaopigia famasia ya posta kuomba cheti kihamishwe, na watahitaji namba ya Rx, jina la dawa na simu ya famasia iliyoandikwa kwenye lebo. Tazama pia neno Refills. Kama ni 0, hakuna cha kuhamisha, na daktari atume cheti kipya moja kwa moja famasia mpya. Kuhamisha kunaweza kuchukua siku kadhaa za kazi, na wikiendi hazihesabiwi.

Kabla ya yote hayo, piga namba iliyo nyuma ya kadi ya bima uulize swali moja: je, dawa hii mnailipia nje ya posta? Zipo bima zinazolazimisha dawa za kudumu zipitie posta tu.

Vimebaki kumi. Nikinywa siku moja na kuruka moja si vitanifikisha mpaka mambo yakae sawa?

Usifanye hivyo. Hili ndilo tunaloliona kila mara, na ndilo linalowaleta watu hospitali.

Metoprolol na ndugu zake huzuia moyo usipokee msukumo wa adrenalini. Mwili unazoea. Ukiikata ghafla, moyo unapokea msukumo wote kwa pamoja: mapigo yanakwenda mbio, presha inapanda, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata mshtuko wa moyo. Ndiyo maana maelezo ya dawa hii yana onyo ndani ya kisanduku, na daktari anayetaka kuiachisha huipunguza kidogo kidogo kwa wiki moja hadi mbili. Clonidine ni kali zaidi kwa hili: presha inaweza kuruka juu ndani ya siku moja au mbili. Kwa mwenye kisukari aina ya kwanza, kukosa insulini siku moja tu kunaweza kumfikisha chumba cha dharura.

Kwa hiyo kunywa dozi kamili kila siku, na tumia siku tano ulizo nazo kutafuta dawa, siyo kuzivuta.

Mbona niliruka siku mbili na nilijisikia mzima?

Presha haitoi taarifa. Ulijisikia mzima pia siku uliyoambiwa unayo. Kujisikia mzima si kipimo. Kipimo ni mashine ya presha, na hata yenyewe haikuambii moyo utafanya nini kesho. Usiruke.

Kama tayari umeruka, usinywe mbili kufidia. Ikiwa zimepita siku mbili au zaidi, mpigie mfamasia au daktari leo hii akuelekeze namna ya kurudi. Maumivu ya kifua, pumzi kukata, au upande mmoja wa mwili kulegea: piga 911, si famasia.

Famasia mpya inasema bima imekataa, eti ni mapema mno. Na nimeishiwa kweli!

Karibu kila mara maana yake ni kwamba famasia ya posta ilishadai bima mzigo mwingine kabla hujazima. Kwa hesabu ya bima, una dawa za siku 90 nyumbani. Omba famasia ya posta ibatilishe dai hilo kama mzigo haujatoka, na wapigie bima kueleza.

Wakati unasubiri, usitoke famasia mikono mitupu. Sema hivi: "Nipe vidonge vya siku saba, nitalipa taslimu bila bima." Dawa nyingi za presha zisizo na jina la kampuni ni bei nafuu kwa kiasi hicho. Cheti kikiwa kimekwisha, majimbo mengi yanamruhusu mfamasia kutoa kiasi kidogo cha dharura kwa dawa kama hizi, mara nyingi za siku tatu. Lakini usipouliza huenda usiambiwe.

Mzigo umeshatoka, unaonyesha Shipped. Niukatae mlangoni?

Pokea. Dawa iliyorudishwa kwa kawaida haiuzwi tena, pesa huenda usirudishiwe, na bima itaendelea kukuhesabia unazo. Ukishapokea, una miezi mitatu ya kuhama bila presha juu ya presha. Kusema kweli, siku bora ya kuzima Auto Refill ni siku mzigo ulipoingia, si siku chupa inapokaribia kuisha.

Nimefunga kadi ya benki ili wasikate tena. Si itajizima yenyewe?

Itasimama, lakini pamoja na kila kitu kilicho kwenye akaunti hiyo, hata pampu ya pumu ya mtoto. Na hakuna atakayekupigia kwa haraka kukuambia. Rudisha kadi, kisha zima dawa moja moja.

Na lensi za macho? Nimesitisha, sasa hizi za mwezi nazivaa mwezi wa pili.

Zivue leo, vaa miwani. Lensi iliyopita muda wake hukusanya uchafu na vijidudu, na kidonda cha mboni kinaweza kukuachia kovu la kudumu. Usizioshe kwa maji ya bomba. Jicho likiwa jekundu na linauma, vua uone daktari wa macho siku hiyohiyo, na uende na lensi zenyewe.

Kununua kwingine si shida. Sheria ya Marekani inamtaka daktari akupe nakala ya cheti cha lensi akimaliza kukupima, hata usipoomba, na kwa kawaida kinadumu angalau mwaka mmoja. Angalia tarehe kwanza: kikiwa kimeisha hakuna duka halali litakalokuuzia, na miadi ya kupimwa inaweza kuwa mbali. Panga miadi hiyo ukiwa bado na pea mbili ambazo hujazifungua.